Nani Analala? damit na um … zu kwa Mwanafunzi Anayefikiri kwa Kiswahili

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa Kijerumani wa ngazi ya B1 wanaojiandaa kwenda kusomea uuguzi Ujerumani. Wengine walikuwa zamu hospitalini siku hiyo wakaomba maandishi yake, kwa hiyo naiweka yote hapa kama ilivyosemwa. Yaliyokuwa yakionyeshwa ukutani nimeyaacha. Mifano yote imo ndani ya maneno.

Dada zangu na kaka zangu, hamjambo? Karibuni, na nyie mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo.

Nianze na sentensi moja ya Kiswahili. Isikilizeni vizuri: "Muuguzi amempa mgonjwa dawa ili alale." Nawauliza, nani analala?

Mgonjwa! Mmejibu wote kwa pamoja. Lakini mmejuaje? Neno "alale" linaanza na a-. Muuguzi ni a-, mgonjwa naye ni a-. Kiambishi hakikuwaambia lolote. Mmejua kwa sababu mnaijua wodi, na mnajua ni nani hupewa dawa ya usingizi.

Haya, chukueni hii nyingine: "Neema amemwamsha mume wake mapema ili asichelewe kazini." Nani asichelewe? Naona sasa mmegawanyika. Upande huu mnasema mume, ndiyo maana ameamshwa. Upande ule mnasema Neema, kwa sababu mume ndiye anayemwendesha mpaka kituoni. Wote mko sawa. Kiswahili kimewaachia nafasi ya kuamua, na kama mngekuwepo nyumbani kwa Neema mngejua jibu bila kuuliza.

Kijerumani hakiwaachii nafasi hiyo. Mkitaka kusema kwamba Neema ndiye anayeogopa kuchelewa, mtasema:

*Neema weckt ihren Mann früh, um nicht zu spät zur Arbeit zu kommen.*

Na mkitaka kusema kwamba mume ndiye asichelewe, mtasema:

*Neema weckt ihren Mann früh, damit er nicht zu spät zur Arbeit kommt.*

Lengo ni lile lile, kuwahi kazini. Tendo ni lile lile, kumwamsha mtu. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: nani anatenda lile la pili? Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo. Wengi wenu mmefundishwa damit na um … zu kama maneno mawili yenye maana ya "ili", mkaachwa mchague mnalolipenda. Mwanafunzi anayeongea Kiswahili ana sababu yake maalumu ya kukosea hapa, na ana silaha yake maalumu pia. Nitazieleza zote mbili.

Tutazame kwanza umbo, maana sheria yote inatoka humo. Kishazi cha um … zu hakina kiima. Hakuna ich, hakuna er, hakuna jina la mtu. Kitenzi kimekaa mwishoni kikiwa hakijanyambuliwa kwa nafsi yoyote: zu arbeiten, zu schlafen, zu kommen. Sasa kishazi kisicho na kiima kitampata wapi mtendaji? Kinamwazima kutoka kwenye sentensi kuu. Yeyote aliye kiima kule mbele, ndiye anayetenda huku nyuma. Ndiyo maana um … zu inaruhusiwa pale tu ambapo mtendaji ni yule yule.

Damit inakuja na kiima chake na kitenzi kilichonyambuliwa, nacho kitenzi hicho kinakwenda mwisho kabisa wa kishazi: *damit er kommt, damit die Kinder schlafen, damit wir alles verstehen.* Kwa kuwa ina kiima chake, haihitaji kuazima. Mtendaji akiwa mwingine, damit ndiyo njia yenu.

Kiswahili chenu kinawasaidia hapa, na msikidharau. Kabla ya kufungua mdomo, ulizeni sentensi yenu ya Kiswahili ina viambishi gani. "Ninajifunza Kijerumani ili nifanye kazi Ujerumani": ni- na ni-. Mtu mmoja. *Ich lerne Deutsch, um in Deutschland zu arbeiten.* "Ninatuma pesa ili dada yangu aende shule": ni- na a-. Watu wawili. *Ich schicke Geld, damit meine Schwester zur Schule geht.* "Tunaongea polepole ili mwelewe": tu- na m-. Watu tofauti. *Wir sprechen langsam, damit ihr uns versteht.* Viambishi vikitofautiana, um … zu imefungwa. Rahisi hivyo.

Hatari iko kwenye a- na a-, na wa- na wa-. Hapo kiambishi kinanyamaza, na hapo ndipo Kijerumani kinapotaka jibu. Hesabuni wenyewe, katika kazi mnayoiendea, ni mara ngapi kwa siku mtasema habari za muuguzi na mgonjwa, daktari na mgonjwa, mkazi wa nyumba ya wazee na binti yake? Karibu kila sentensi ya kazi yenu ni a- na a-.

Kuna mwanafunzi mmoja niliyemfundisha, leo yuko kwenye mafunzo katika nyumba ya wazee huko Ujerumani. Usiku wa zamu yake aliandika kwenye kumbukumbu: *Ich habe der Bewohnerin um 22 Uhr eine Tablette gegeben, um besser zu schlafen.* Alikusudia kusema kwamba alimpa mama mkazi wa pale kidonge ili mama alale vizuri. Asubuhi msimamizi wake akamwita, akamwekea kidole kwenye mstari ule na kumwuliza kwa upole: kidonge kilitolewa ili nani alale? Kwa maana ukiisoma sentensi ilivyo, kiima ni ich. Anayelala vizuri ni mwandishi. Inasomeka kama muuguzi aliyempa mzee kidonge cha usingizi ili yeye mwenyewe apumzike usiku kucha.

Msimamizi alielewa kilichokusudiwa. Mjerumani yeyote mwenye nia njema angeelewa. Lakini kumbukumbu ya uuguzi husomwa pia na daktari, na ndugu wa mgonjwa wanaweza kuiomba, na jambo likifika kwa mwanasheria, mstari ule ndio utakaosomwa. Hakuna mtu atakayekuwepo kueleza kwamba mwandishi alikuwa anafikiri kwa Kiswahili. Sentensi yake ilipaswa kuwa: *Ich habe der Bewohnerin um 22 Uhr eine Tablette gegeben, damit sie besser schläft.* Neno moja, sie, na kila kitu kimekaa sawa.

Semeni nami: nani anatenda la pili? Tena. Nani anatenda la pili? Vizuri.

Sasa nawapeleka kwenye mahali ambapo hata wanafunzi wazuri wanateleza. Nimesema "mtu yule yule", lakini sarufi haihesabu watu, inahesabu viima. Chukueni sentensi hii: "Ninavaa glavu ili mikono yangu isichafuke." Mikono ni yangu, sivyo? Ni mimi huyo huyo? Kwa mwili, ndiyo. Kwa sarufi, hapana! Kiima cha kwanza ni mimi, cha pili ni mikono. Kiswahili kinawapigia kengele: ni- kule, i- huku. Kwa hiyo: *Ich trage Handschuhe, damit meine Hände nicht schmutzig werden.*

Mwaka jana niliwapa wanafunzi darasani zoezi la kueleza kwa nini tunavaa barakoa, glavu na aproni tunapomhudumia mgonjwa. Dada mmoja hodari, anayezungumza Kijerumani vizuri kuliko wenzake, akasema: *Ich trage Handschuhe, um meine Hände nicht schmutzig zu werden.* Darasa zima likaona iko sawa. Nikamwomba anyanyue mikono yake juu tuitazame. Nikamwuliza: nani anachafuka, wewe au hii? Akasema, hii. Basi hii ndiyo kiima, na um … zu haina mahali pa kuiweka. Kama anaipenda sana um … zu, abadilishe kitenzi ili yeye mwenyewe awe mtendaji: *um mir die Hände nicht schmutzig zu machen*, yaani nisijichafue mikono. Njia zote mbili ziko sahihi. Isiyowezekana ni kuchanganya kiima cha moja na umbo la nyingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa kila kitu chenu na kila mtu wenu. Sauti yangu, watoto wangu, nguo zangu, cheti changu. *Ich rufe heute an, damit mein Visum schneller kommt.* Visa ni yangu, lakini inayokuja ni visa.

Mtaniuliza, je, sentensi ya kutendwa? "Dirisha lilifunguliwa ili kuingiza hewa safi." *Das Fenster wurde geöffnet, um frische Luft hereinzulassen.* Kiima ni dirisha, na dirisha halina nia ya kuingiza hewa. Basi um … zu imepita vipi? Imepita kwa sababu nyuma ya kitenzi cha kutendwa amejificha mtu aliyefungua, na huyo ndiye mwenye lengo. Wajerumani wanaikubali kabisa, na katika maandishi ya hospitali mtaikuta kila ukurasa: *Der Patient wird regelmäßig bewegt, um Druckstellen zu vermeiden.* Mgonjwa anageuzwa ili kuzuia mwili usipate madonda ya kulalia. Anayezuia ni muuguzi ambaye hakutajwa. Kwa hiyo mkiona sentensi ya namna hii kwenye kitabu msishangae, na mnaweza kuiandika pia.

Na nisiwafiche jambo jingine. Mtawasikia Wajerumani wenyewe wakisema kitu kama *Er schickt seinen Sohn zum Bäcker, um Brötchen zu holen.* Baba anamtuma mwanawe dukani kuleta mikate, na anayeleta mikate ni mtoto, ingawa kiima ni baba. Kitenzi schicken, kutuma, kinabeba ndani yake safari ya yule anayetumwa, na masikio ya Wajerumani yanaizoea. Msiichukue ruhusa hiyo mkaipeleka kwenye geben, kumpa mtu kitu, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha yule mwanafunzi mbele ya msimamizi. Kwenye mtihani, mkituma mtu, andikeni *damit er Brötchen holt* mkatulia.

Haya, tuingie kwenye umbo la um … zu lenyewe, maana kujua lini litumike ni jambo moja na kuliandika ni jingine. Um inafungua kishazi, mambo yote yanakaa katikati, kitenzi kinakaa mwisho na zu mbele yake. *Um in Hamburg eine Ausbildung zu machen.* Hapo hakuna shida.

Shida inaanza na vitenzi vinavyokatika, vile vyenye kipande cha mbele kama anrufen, aufstehen, einkaufen, vorbereiten. Hapo zu haikai mbele, inaingia katikati, na neno lote linaandikwa pamoja: anzurufen. Sikieni lilivyo gumu masikioni. Zu inakaa baada ya kipande cha mbele, kabla ya kitenzi chenyewe. *An, zu, rufen: anzurufen.* Ndilo lenyewe! Msilikimbie kwa sababu linasikika geni. *Auf, zu, stehen: aufzustehen. Ein, zu, kaufen: einzukaufen.* Mtu akiandika "zu anrufen", hata kama sentensi yote imenyooka, msahihishaji atalizungushia duara.

Na kukiwa na können, zu inakwenda kwa können, si kwa kitenzi cha kazi: *um besser arbeiten zu können.* Neno la mwisho kabisa ndilo linalopewa zu.

Sasa nataka tuijenge sentensi moja pamoja, taratibu, kwa sababu mtaihitaji tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Muuguzi anamgeuza mgonjwa kitandani, kumbadilisha mlalo, ili kuzuia madonda ya kulalia. Kumbadilisha mlalo ni umlagern. Donda la kulalia ni Dekubitus. Kuzuia kabla halijatokea ni vorbeugen, nacho kinataka kile kinachozuiwa kiwe katika Dativ.

Hatua ya kwanza: nani anageuza? Muuguzi. Nani anazuia? Muuguzi. Mtendaji mmoja, um … zu imeruhusiwa. Hatua ya pili: sentensi kuu. Umlagern hii inakatika, kipande chake kinakwenda mwisho: *Die Pflegekraft lagert den Patienten um.* Hatua ya tatu: mkato. Tangu kanuni za tahajia za mwaka 2006, mkato kabla ya kishazi cha um … zu ni lazima, kama ulivyo lazima kabla ya damit. Hatua ya nne: kishazi chenyewe, na vorbeugen inakatika pia, kwa hiyo vorzubeugen. Tukiunganisha:

*Die Pflegekraft lagert den Patienten um, um einem Dekubitus vorzubeugen.*

Mmeona? Um, mkato, um. Mwanafunzi anapoona um mbili zimefuatana hudhani amekosea, anafuta moja. Usifute! Ya kwanza ni mkia wa umlagern, ya pili inafungua lengo. Mkato ule mdogo ndio unaozitenganisha, na mkiusahau, msomaji atajikwaa.

Sasa geuzeni lengo liwe la mgonjwa: ili mgonjwa asipate donda. Mtendaji amebadilika, kwa hiyo: *Die Pflegekraft lagert den Patienten um, damit er keinen Dekubitus bekommt.* Kazi ni ile ile, mgonjwa ni yule yule. Kwa um … zu umeandika anachokusudia muuguzi kufanya, kwa damit umeandika kinachotarajiwa kwa mgonjwa. Mkijua kuchagua kati ya hizo mbili, mmeshajua somo.

Nilisema mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu yake ya kukosea. Ni hii. "Ili" yetu karibu kila mara inafuatwa na kitenzi chenye kiambishi: ili nifanye, ili apate, ili tujue. Masikio yetu yanataka kumsikia mtendaji. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaikumbatia damit, ambayo nayo ina mtendaji, na anaitumia kila mahali: *Ich lerne Deutsch, damit ich in Deutschland arbeite.* Je, ni kosa? Hapana, si kosa la sarufi. Damit inaruhusiwa hata mtendaji akiwa mmoja. Um … zu ndiyo yenye mpaka, damit haina mpaka huo. Lakini barua nzima ikijaa *damit ich, damit ich, damit ich*, Mjerumani anaisoma kama kitu kizito, na kwenye maandishi ya B1 na B2 msahihishaji anataka kuona kwamba mnaimudu um … zu.

Kuna mahali ambapo damit yenye mtendaji yule yule ndiyo nzuri zaidi, hasa mtu anapozungumza. *Ich schreibe es auf, damit ich es nicht vergesse*, naliandika nisije nikasahau. Wajerumani wanasema hivyo kila siku. Na mnapomhimiza mtu: *Beeil dich, damit du nicht zu spät kommst!* Mama wa Kijerumani akimfukuza mwanawe mlangoni asubuhi atasema hivyo, hatasema *um nicht zu spät zu kommen*. Um … zu ina harufu ya karatasi kidogo. Damit ina joto la mdomoni.

Kosa lenyewe, lile linalokatwa alama bila huruma, liko kwingine. Liko kwenye wollen. Kaka mmoja alileta barua yake ya maombi ya mafunzo ili niipitie kabla hajaituma. Ilikuwa barua nzuri, ya kweli, ya mtu aliyemuuguza bibi yake mpaka mwisho. Katikati yake kulikuwa na mstari huu: *Ich lerne seit einem Jahr Deutsch, damit ich in Deutschland arbeiten will.* Kiswahili chake kilikuwa kichwani: "kwa sababu nataka kufanya kazi Ujerumani", na "ili nifanye kazi Ujerumani", zikaungana zikawa moja.

Sikilizeni. Damit na um … zu tayari zina "nataka" ndani yake. Lengo ni kile unachokitaka. Ukiongeza will, umesema "ili nitake kufanya kazi", yaani unajifunza Kijerumani kusudi siku moja upate hamu ya kufanya kazi. Ndiyo maana wollen, möchten na sollen hazikai ndani ya kishazi cha lengo. Können inakaa, kwa sababu uwezo unaweza kuwa lengo, lakini nia haiwezi. Ukitaka kuibakiza will, badilisha kiunganishi: *weil ich in Deutschland arbeiten will.* Ukitaka lengo, iondoe: *um in Deutschland zu arbeiten.* Chagua moja. Yule kaka alichagua ya pili, na barua ikaenda.

Hili mtalikuta kwenye vitabu kama zoezi. Mnapewa sentensi mbili: *Ich schicke Geld. Meine Mutter soll Medikamente kaufen.* Mnaambiwa ziunganisheni. Soll pale imewekwa kuonyesha lengo, na ikishaingia damit kazi yake imekwisha: *Ich schicke Geld, damit meine Mutter Medikamente kaufen kann*, au *Medikamente kauft.* Soll imetoka. Kila mara itoke.

Mambo machache ya haraka kabla hatujafunga, maana naona wengine wanatazama saa.

Si kila "nifanye, ufanye, afanye" ya Kiswahili ni lengo. "Nataka uje" haina "ili" ndani yake, kwa hiyo haina damit: *Ich will, dass du kommst.* Dass, si damit. Kipimo ni hiki: jaribuni kuingiza "ili" kwenye Kiswahili. "Nataka ili uje"? Hakuna mtu anayesema hivyo. Basi damit haipo.

Baada ya gehen, kwenda, mara nyingi hamhitaji chochote. "Naenda kununua samaki": *Ich gehe Fisch kaufen.* Kama Kiswahili kabisa, kitenzi kinafuata kitenzi.

Na mkikuta damit mwanzoni mwa sentensi, tazameni kitenzi kiko wapi. *Ich habe einen Schlüssel. Damit öffne ich die Tür.* Kitenzi kimeifuata damit papo hapo: hii ni "kwa huo", kwa huo ufunguo nafungua mlango. *Damit ich die Tür öffnen kann, brauche ich den Schlüssel.* Kitenzi kimekwenda mwisho: hii ndiyo ya lengo.

Nayo um … zu ina siku zake za kutosema lengo. Mtu aliyezoea kusikiliza mpira kwa Kijerumani aliniletea sentensi iliyomsumbua: *Die Mannschaft ging kurz vor Schluss in Führung, um am Ende doch noch zu verlieren.* Timu ilitangulia kufunga karibu na mwisho, "ili hatimaye ifungwe"? Timu gani inalenga kufungwa? Hakuna. Hapa um … zu inasimulia tu kilichofuata, bila nia ya mtu: ilitangulia, halafu ikaja kufungwa. Watangazaji na waandishi wa magazeti wanaitumia hivyo. Muielewe mkiisikia. Kuiandika, subirini kwanza. Na damit haiwezi kabisa kufanya kazi hiyo, kwa sababu damit lazima iwe na mtu anayekusudia.

Sasa toeni kalamu. Sentensi tatu, mniambie kwanza viima, ndipo mtafsiri.

"Daktari anamweleza mgonjwa kila kitu ili asiogope." Nani asiogope? Mgonjwa. Viima viwili. *Der Arzt erklärt dem Patienten alles, damit er keine Angst hat.*

"Ninaamka mapema kuwahi basi." Nani anawahi? Mimi. *Ich stehe früh auf, um den Bus zu erreichen.*

"Binti anampigia mama yake simu kila Jumapili ili asijisikie mpweke." Naona mikono mingi, na naona mnabishana. Vizuri sana. Kama mpweke ni mama: *Die Tochter ruft ihre Mutter jeden Sonntag an, damit die Mutter sich nicht einsam fühlt.* Nimemtaja mama kwa jina lake, die Mutter, kwa makusudi, kwa sababu nikisema sie, binti naye ni sie, na tumerudi kwenye utata. Kama mpweke ni binti, aliye mbali na kwao: *um sich nicht einsam zu fühlen.* Hapo hakuna utata hata chembe, ni yeye binti na hawezi kuwa mwingine. Andikeni zote mbili, kisha mpeane madaftari mkaguane.